Etajere inacheza kwenye tundu la 7 na la 9 tu: gabari ya matundu ya pini imekosea wapi?

mbao_birere (Goma)

Wakubwa na wadogo, salamu. Nina kibanda cha mbao hapa Goma, upande wa Birere. Mama mmoja mwenye duka la dawa kule Himbi ameniletea kabati alilotengenezewa kwingine. Mbavu zake ni tripleksi ya milimita 18, urefu sentimita 80, kina 35, na upana wa ndani ni 70. Kila ubavu una safu mbili za matundu ya pini, moja karibu na mlango na nyingine nyuma. Safu moja ina matundu 15, na kati ya tundu na tundu ni sentimita 5. Etajere ziko tatu, na mama anazisogeza mara kwa mara: chupa za sirupu zikija anapanua nafasi, vikija vikasha vya vidonge anabana.

Tatizo ni kwamba kuna vimo ambapo etajere inacheza. Ukibonyeza kona ya mbele, kona nyingine inainuka, na chupa zinagongana. Nilidhani etajere imepinda, nikazilaza zote tatu juu ya meza ya marumaru ya jirani: zimenyooka. Kisha nikajaribu kila kimo, kuanzia chini. Zinacheza kwenye tundu la 7 na la 9 tu. La 8 limetulia. Kwingine kote zimetulia kabisa.

Mama ameniagiza makabati mawili mengine ya kipimo hichohicho. Nataka kutengeneza gabari yangu ya kutobolea, lakini sitaki kuianza kabla sijaelewa hii ya kwanza ilifanya nini. Kwa nini 7 na 9, halafu 8 hapana?

ekeri_lushi (Lubumbashi)

Kaka, shida ni hiyo nafasi ya sentimita 5. Makabati ya kiwandani ya Ulaya yanafuata milimita 32 kati ya tundu na tundu, tundu lenyewe 5, na safu ya mbele iko milimita 37 kutoka ukingo. Ukitoka kwenye 32 kila kitu kinavurugika. Weka 32 kwenye gabari yako na etajere zitatulia.

mama_vitabu (Bukavu)

Hata mimi etajere zangu zinanisumbua. Nina kabati la vitabu hapa Nguba, etajere zina urefu wa sentimita 110, tripleksi ya 18, na katikati zimeshuka mpaka zinaonekana tumbo. Je, nikitoboa matundu ya pini katikati ya mgongo wa kabati zitanyooka?

papa_libuyu (Bukavu, Kadutu)

Mama vitabu, yako ni shida nyingine: mbao inashindwa kubeba katikati kwa sababu ni ndefu. Gundisha ubao mgumu wa sentimita 4 au 5 kwa kusimama chini ya ukingo wa mbele wa kila etajere, urefu wote, na utaona tofauti kubwa. Pini za mgongoni zinasaidia nyuma tu, na mbele kutaendelea kushuka. Ukitaka, fungua uzi wake tuingie kwa undani.

Ekeri, mdogo wangu, hizo 32, 5 na 37 umezitaja sawasawa. Zimewekwa ili bawaba na reli za droo za kiwandani ziingie kwenye matundu yaleyale bila kupima upya. Kabati la mama wa dawa lina etajere tu. Etajere haijui nafasi iliyo kati ya tundu lake na lililo juu yake. Inajua matundu manne inayoyakalia, basi.

Wewe wa Birere, umejaribu kimo kimoja baada ya kingine, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sasa lilaza kabati chali. Fungia metre kwenye ncha ya chini ya ubavu, si kwenye mbao ya sakafu ya ndani, maana hiyo huenda haikukaa sawa. Pima mpaka ukingo wa chini wa tundu, ongeza nusu ya kipenyo, uandike. Anza tundu la 6 mpaka la 10, safu zote nne. Usituambie "karibu sawa". Tuletee namba.

mbao_birere

Papa, nimepima. Matundu ni ya milimita 5, kwa hiyo nimeongeza 2 na nusu kila mara.

Tundu la 6 ni 300 kote kunne. La 8 ni 400 kote. La 10 ni 500 kote.

Tundu la 7: kushoto mbele 352, kushoto nyuma 350, kulia mbele 350, kulia nyuma 352.

Tundu la 9: kushoto mbele 450, kushoto nyuma 448, kulia mbele 448, kulia nyuma 450.

Nimerudia vipimo na metre nyingine, vimetoka vilevile.

papa_libuyu

Angalia jinsi namba zako zinavyojieleza. Kushoto mbele na kulia nyuma ni ndugu. Kushoto nyuma na kulia mbele ni ndugu wengine. Hao wanaopendana wako pembe kwa pembe, na hilo halitokei kwa mkono uliotetemeka.

Ubavu una milimita 800. Chukua 800 toa 352, unapata 448. Chukua 800 toa 450, unapata 350. Maana yake gabari ilikuwa moja, ilikuwa na urefu wa ubavu, na ilikuwa na kosa moja tu: tundu lake la saba lilikaa 352 badala ya 350. Mengine yote yalikuwa sawa. Kwenye safu mbili fundi aliiweka kichwa juu, na kwenye safu mbili aliiweka kichwa chini. Ilipogeuzwa, lile tundu baya likahamia kimo cha tisa, likawa 448, na la saba likapata tundu zuri la 350. La 8 ni katikati kabisa, 400 kwa 400, kwa hiyo hata ukiigeuza linarudi palepale. Ndiyo maana limetulia.

Kwa nini aligeuza? Sikuwepo, lakini nimeona gabari nyingi zinazolazimisha hivyo. Watu wanachukua kipande cha mbao, wanatoboa safu moja, halafu wanapigilia ubao mwembamba ukingoni uning'inie upande mmoja, ili ushike ukingo wa ubavu na safu isiyumbe. Huo ubao mimi nauita mdomo. Sasa laza ubavu wa kushoto, uso wa ndani juu. Mdomo umeshika ukingo wa mbele, umetoboa. Unataka safu ya nyuma. Mdomo unaning'inia upande mmoja tu, kwa hiyo ili ushike ukingo wa nyuma lazima uizungushe gabari nzima, na kichwa kinakuwa miguu. Ukienda ubavu wa kulia, mbele na nyuma zimebadilishana nafasi, na mambo yanageuka tena. Matokeo yake ni pembe kwa pembe kama ulivyoandika.

Fundi huyo angeweza kuacha kosa lake la milimita 2 palepale, mradi asiigeuze gabari. Safu zote nne zingekuwa na 352 kwenye tundu la saba, etajere ingekaa kwenye 352, na hakuna mteja ambaye angejua. Gabari haihitaji kuwa na nafasi zilizo sawa kabisa. Inahitaji kuanzia mwisho uleule mara nne.

ekeri_lushi

Nimeelewa hesabu ya kugeuza, papa. Lakini hapo kwa tofauti ya milimita 2, mbona inacheza sana? Mimi nina kabati nyumbani, upande mmoja uko juu kuliko mwingine kwa milimita 5 nzima na etajere haichezi hata kidogo.

papa_libuyu

Swali zuri, na watu wengi wanachanganya hapo. Yako imeinama, haichezi. Pini mbili za kushoto ziko 5 juu ya pini mbili za kulia, lakini zote nne bado ziko kwenye uso mmoja ulionyooka. Mbao inalala kwa mshazari, inagusa kotekote. Weka mviringo juu yake utabingirika, lakini ukibonyeza kona haitikisiki.

Kucheza ni kitu kingine. Jumlisha pini mbili za pembe kwa pembe, halafu jumlisha zile mbili nyingine. Zikiwa sawa, etajere inatulia, hata kama imeinama. Zikitofautiana, inacheza kwa kiasi hichohicho. Kwa tundu la 7: 352 na 352 ni 704. Upande wa pili 350 na 350 ni 700. Tofauti ni 4. Etajere inakaa kwenye pini mbili za juu, ukibonyeza kona moja chini, mkabala wake unapata mwanya wa karibu milimita 4. Kwenye kabati lako: kushoto zote mbili zimezidi, jumla zinabaki sawa, haichezi.

Hiyo inakusaidia kujua gabari ilikosea vipi kabla hujashika metre. Etajere ikiinama kwa kiasi kilekile kila kimo, basi ubavu mmoja ulikatwa mfupi, au gabari haikugusa mwisho wa chini kwenye ubavu huo, labda kulikuwa na vumbi la mbao. Ikicheza kwa kiasi kilekile kila kimo, safu moja tu ndiyo ilipanda au kushuka. Ikicheza kwenye vimo viwili vilivyo mkabala na katikati, kama hapa, gabari iligeuzwa kichwa.

mbao_birere

Papa, asante sana. Nilikuwa nimeshakata kipande cha gabari na nilitaka kuweka mdomo kama huo huo, upande mmoja. Sasa niiunde vipi isigeuke?

papa_libuyu

Chukua mbao ngumu iliyokauka. Mimi natumia libuyu au muvula, milimita 18 au 20 kwa unene, sentimita 7 upana, na urefu kama wa ubavu wako. Mbao laini inapanuka matundu upesi. Unene una kazi yake: tundu refu ndilo linaloiongoza meshi isimame wima. Gabari ya tripleksi nyembamba ya 4 inaonyesha pa kutoboa tu, haiongozi kitu.

Piga mstari mmoja kwa urefu wote, milimita 37 au 40 kutoka ukingo utakaobeba mdomo. Laza metre mara moja, kuanzia mwisho utakaouita miguu, na utie alama zote bila kuinua metre: 50, 100, 150 mpaka 750. Usipime kutoka alama moja hadi inayofuata, maana kila ukiruka unaongeza kosa dogo juu ya lililotangulia. Gonga kila alama kwa ncha ya msumari mkali ili meshi isiteleze. Kisha toboa kwa meshi ya mbao ya 5, ile yenye ncha katikati. Kama una rafiki mchomeleaji mwenye perseze ya kusimama, nenda kwake, hilo ndilo tobo litakalonyooka. Kwa perseze ya mkono, simamisha ekeri mbili, moja mbele na moja kando, na mtu wa pili akuangalie.

Sasa mdomo. Kata ubao wa upana wa sentimita 4, uugundishe na kuupigia visi ukingoni mwa gabari, ukiuweka katikati, utokeze pande zote mbili, chini na juu, kama sentimita moja kila upande. Ukiutazama kutoka mwisho unaona herufi T iliyolala. Kwa hiyo ukitaka kwenda ukingo mwingine, huizungushi. Unaipindua tu, uso wa juu unakuwa wa chini, na miguu inabaki miguu.

Halafu kisigino. Mwisho wa miguu, pigilia kipande kingine kinachotokeza pande zote mbili vilevile, kigote kwenye mwisho wa chini wa ubavu. Hicho ndicho kinachokuonya usigeuze, maana ukiigeuza kichwa, kisigino kinahamia juu, mwisho wa chini unabaki bila kitu cha kuugota, na unaona mara moja. Paka rangi nyekundu kisigino. Kwenye kila ubavu andika kwa penseli "chini", "mbele" na "kushoto" au "kulia" kabla hujatoboa kitu.

Kazini: bana kwa serizhwa mbili, toboa tundu la kwanza, ingiza pini humo kupitia gabari, kisha tundu la mwisho, ingiza pini ya pili. Hapo gabari haiwezi kusogea hata serizhwa ikilegea. Kina ni milimita 10 kwa mbao ya 18, ukifika 12 bado uko salama, lakini kumbuka ncha ya katikati inatangulia na inaweza kutoboa upande wa nje. Usitegemee utepe uliofungwa kwenye meshi, unyoya wa mbao unausukuma juu na hutaona. Toboa kijiti cha mbao kwa urefu wake, kivishe kwenye meshi, ukikate mpaka kibaki milimita 28 za meshi nje: 18 ya gabari na 10 ya tundu. Kijiti kikigusa gabari, umefika.

mauwa_katuba (Lubumbashi)

Miye natumiaka melamini, mulombwa iko bei sasa. Shida yangu ni ingine: kila tundu linamenyeka ukingoni, ile rangi nyeupe inaruka kama ganda la yai. Mteja anaona. Gabari ya papa itanisaidia kwa hiyo?

papa_libuyu

Itakusaidia sana, mradi ubane kwa nguvu. Melamini inamenyeka pale meshi inapoinua uso wa juu usio na kitu cha kuuzuia. Gabari ikigandamizwa juu yake, uso hauna pa kuinukia. Mambo matatu ya kuangalia: meshi iwe ya ncha katikati na kali, si ile ya chuma, perseze ianze kuzunguka kabla haijagusa, na vumbi la tundu lililopita lifagiliwe, maana likikaa chini ya gabari linaacha mwanya, na pale penye mwanya ndipo panapomenyeka. Vuta meshi nje mara moja au mbili kwa kila tundu itoe unyoya. Na kama tundu la gabari limepanuka, melamini itaanza kumenyeka tena. Hiyo ni dalili ya kwanza kwamba gabari imechoka.

mstari_tu (Goma, Ndosho)

Nimesoma yote, na naheshimu kazi ya papa, lakini sikubali mdomo wa pande mbili. Mnasahau kitu. Ukiipindua gabari, meshi inaingia kwa uso mmoja na kutokea kwa mwingine, kisha kinyume chake. Tundu la gabari likiwa limeinama kidogo tu, sehemu ya kutokea si ileile. Perseze ya mkono ikiinamisha tundu kwa milimita 1 kwenye unene wa 18, safu ya mbele inapata kimo kimoja na safu ya nyuma inapata kingine, tofauti ya milimita 1. Na hiyo inakuja pembe kwa pembe vilevile, kushoto mbele na kulia nyuma uso mmoja, kushoto nyuma na kulia mbele uso wa pili. Mmerudi palepale.

Mimi siweki mdomo kabisa. Napiga mstari wa penseli kwenye ubavu kwa kiolezo cha mistari, mbele na nyuma. Gabari yangu ina kisigino upande wa chini tu, na ina mistari miwili kwenye ncha zake inayopita katikati ya matundu. Naisogeza kutoka mstari mmoja hadi mwingine, uso uleule juu siku zote, miguu ileile chini siku zote. Tundu likiinama, linainama kwa namna moja kwenye safu zote nne.

papa_libuyu

Umesema kweli, na sitabishana na hesabu yako. Kupindua kunadai tundu lililosimama wima, ndiyo maana nilisema aende kwa mwenye perseze ya kusimama. Lakini mstari wako nao una gharama. Kila ubavu unapiga mistari miwili, na kila mara unalinganisha kwa jicho. Kwa makabati mawili sawa. Mtu akiwa na mbavu 20 za ofisi, jicho linachoka, na mdomo hauchoki. Safu ikihama milimita moja mbele au nyuma etajere haitacheza, hilo ni kweli, kwa hiyo kosa la jicho lako halina madhara makubwa kama la kimo. Hilo nakupa.

Mbao_birere, kabla hujagusa mbavu za mama, fanya jaribio. Chukua kipande kimoja cha tripleksi, weka gabari juu, kisigino kimegota, toboa yote. Pindua gabari, uisogeze kando sentimita chache, kisigino kimegota mwisho uleule, toboa yote tena. Weka ekeri kwenye ukingo wa kipande na uangalie kila jozi. Zikiwa kwenye mstari mmoja, gabari ni nzuri. Isiyolingana ndiyo tundu lililoinama.

mbao_birere

Nimeunda gabari kama papa alivyoeleza, mdomo wa pande mbili na kisigino. Matundu nimetobolea kwa mchomeleaji wa hapa karibu, isipokuwa matatu ya mwisho wa miguu, maana kisigino kilikuwa kimeshapigiliwa na gabari haikukaa sawa chini ya mashine yake. Hayo nilitoboa kwa mkono.

Nimefanya jaribio. Jozi 14 ziko sawa, wembe hauingii kati ya ekeri na tundu. Tundu la 3 lina tofauti ya karibu milimita 1. Kwa hiyo mstari_tu alikuwa sahihi, na lilikuwa lile la mkono. La 1 na la 2 nayo ni ya mkono lakini yametoka vizuri.

Nimelipanua la 3 mpaka 10, nimegundisha kijiti cha libuyu, nitaondoa kisigino na kurudi kwa mashine. Swali linalobaki ni kabati la zamani. Mama anataka kimo cha 7 maana ndipo sirupu zinapokaa.

mstari_tu

Kwa zamani, mimi ningetumia njia fupi: ongeza kitu cha milimita 2 juu ya pini mbili za chini, kushoto nyuma na kulia mbele. Kipande cha plastiki au cha ngozi. Dakika chache, kazi imekwisha.

papa_libuyu

Kwa duka la dawa siipendi hiyo. Etajere zinasogezwa, kipande kitaanguka, na siku mama akihamia tundu la 9 lazima akihamishe nacho. Kwenye matundu manne ya 350 na 448, panua mpaka 10 kwa kina cha 12, gundisha kijiti cha mbao ngumu, kikate usawa wa ubavu, uache kole ikauke mpaka kesho yake. Kisha toboa upya kwenye 352 na 450. Usijaribu kutoboa tundu jipya la 5 milimita 2 kutoka la zamani bila kuziba: meshi itateleza kuingia kwenye lile la kwanza, na utabaki na tundu refu lenye umbo la yai ambalo pini inalegea ndani yake.

Na usitoboe upya kwa metre. Weka pini kwenye tundu la 6 na la 8 la safu hiyo, hayo ni sawa kwenye safu zote. Chukua kipande kidogo cha mbao ngumu chenye matundu matatu yaliyonakiliwa kutoka safu nzuri, kushoto mbele: la 6, la 7 na la 8. Ili kunakili, simamisha meshi ndani ya kila tundu la safu hiyo nzuri, ncha yake ikitokeza nje, gonga kipande juu yake kipate alama, kisha toboa kwenye alama hizo. Kisha kihamishie kwenye safu mbaya, uso uleule kwa nje, la 6 likiwa chini, kishike kwa pini mbili, utoboe la katikati. Kwa kimo cha 9 fanya kingine cha 8, 9 na 10.

mauwa_katuba

Papa, na hizo pini zenyewe? Huku kwetu pini za kiwanda za 5 zinakuja kwa msimu. Bantu banakata feradebeto ya 6 vipande vya sentimita 3. Meshi ya 6 basi?

papa_libuyu

Pima chuma chako kwanza, maana kinachouzwa kama 6 mara nyingi hakifiki 6 kamili, na pini iliyolegea inainama ikibeba mzigo. Toboa kipande cha kujaribu kwa meshi ya 5 na nusu, halafu cha 6, na uchague ile ambayo pini inaingia kwa kidole na haianguki ukigeuza mbao. Hiyo ndiyo meshi ya kutengenezea gabari pia. Ukianza gabari kwa 5 halafu ukapanua kwa 6, matundu yatayumba.

mbao_birere

Matundu manne ya kabati la zamani nimeyaziba, nimetoboa kwa kile kipande cha matundu matatu. La 7: 352 kote kunne. La 9: 450, 450, 450, na kulia mbele imetoka 449 na nusu. Etajere imetulia kwenye vimo vyote viwili, hata nikibonyeza kona kwa nguvu. Hiyo nusu milimita naona tripleksi inaimeza yenyewe chini ya uzito wa chupa.

Gabari imerudi kutoka kwa mashine, tundu la 3 sasa linalingana. Naanza mbavu za makabati mapya. Niulize tu: gabari ya libuyu isiyo na bomba la chuma ndani ya matundu inadumu mbavu ngapi kabla haijapanuka?

papa_libuyu

Inategemea mkono na ukali wa meshi. Mimi naingiza vipande vya bomba la chuma lenye shimo la ndani linalotoshana na meshi, kwa kole ya sehemu mbili, na sijaibadilisha gabari hiyo kwa muda mrefu.

mstari_tu

Na mimi kila kazi gabari mpya, mbao tupu. Bomba lenye shimo la ndani la 5 kamili sijalipata hapa Goma, na lenye 5 na nusu linaiacha meshi icheze mpaka safu nzima inakuwa mbaya kuliko mbao.

ekeri_lushi

Kwangu niliona watu wanatumia kokwa ya kuunganishia nyaya, ile ya shaba ya ndani, baada ya kuondoa visi vyake. Lakini sijapima shimo lake. Mwenye nayo hapo aipime kwa kalipa atuambie.